Kurudi nyuma bila maandishi ya tarehe

Filamu fupi inaporudi nyuma kuonyesha tukio la zamani, kitu kimoja chenye alama ya kuharibika huonyesha mpangilio wa wakati vizuri kuliko maandishi. Mathalani, mwanamke anapangusa saa yenye kioo kilichopasuka. Mlio wa saa usikike peke yake kwa sekunde mbili hivi kabla ya kukata picha hiyo, kisha picha inayofuata, iliyopigwa kwa ukubwa na pembe ileile, ionyeshe saa hiyo ikiwa nzima mkononi mwa baba yake. Tukio la zamani liishie pale kioo kinapopasuka, ndipo urejee kwenye picha uliyoiacha. Mwonyeshe sehemu hiyo mtu ambaye hajasoma hati ya filamu, na akisitasita kusema lipi lilitangulia, mara nyingi ufa hauonekani vya kutosha, hivyo sogeza kamera karibu.