Viatu vya mwenye jongo la kidole gumba: namna ninavyopima, kupanua na kushona

Mimi ni fundi viatu hapa Ngamiani, Tanga. Mwezi uliopita alinijia mzee mmoja, mstaafu wa mashamba ya mkonge, mguu mmoja umevaa kiatu na mwingine soksi tupu. Kiungo cha chini ya kidole gumba kilikuwa kimevimba, ngozi imekaza na kung'aa. Aliniambia, "Mwanangu, usiku hata shuka ikinigusa hapa nashindwa kuvumilia." Hospitali walishamwambia ni jongo, wengine huita gauti, na dawa alikuwa nazo. Kilichomleta kwangu ni kiatu. Naandika tuliyoyafanya, maana nusu ya kazi ile niliikosea kwanza.

Kiatu hakiondoi chumvi ya yuriki iliyoganda ndani ya kiungo. Hiyo ni kazi ya dawa. Kiatu kinaweza tu kuacha kukibana kiungo na kupunguza kukikunja. Na kama kiungo kimewaka moto ghafla huku mtu ana homa na kutetemeka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu usaha ndani ya kiungo hufanana sana na jongo.

Hatua ya 1: Panga viatu viwili

Jongo likiamka linaweza kukaa wiki moja hadi mbili, kisha mguu unarudi kama zamani. Mguu wa mzee ulipovimba ulikuwa na mzunguko wa sentimita 27 na nusu penye kiungo. Ulipotulia ulikuwa 25 na nusu. Hakuna kiatu kimoja cha kufunika kitakachoikaa miguu hiyo miwili. Ukishona kwa kipimo cha uvimbe, siku za kawaida mguu utacheza ndani na kidole kitagonga mbele. Kwa hiyo ni sandozi kwa siku za maumivu, na kiatu cha kufunika kwa siku za utulivu.

Hatua ya 2: Pima

Jioni, mtu amesimama, karatasi sakafuni, penseli wima. Pima miguu yote miwili na uufuate mkubwa. Siku ya maumivu mwache akae, na futi ya kitambaa izunguke bila kukaza.

Hatua ya 3: Tafuta kiungo kinakaa wapi ndani ya kiatu

Hapa ndipo nilipopotezea jioni mbili. Mzee anavaa namba 42. Alikuwa amenunua mtumba wa namba 44, ngozi nzuri, kwa kuamini kiatu kikubwa kitampa nafasi, nami nikaamini vilevile. Nikakitia kwenye kalibu, lile umbo la mguu la kupanulia viatu, nikakipanua chote. Kesho yake akakivaa, akatembea hadi kona ya barabara na kurudi, akasema kinabana palepale.

Nikachukua ile karatasi yake nikapima kutoka kisigino mpaka katikati ya kiungo: sentimita 19. Ndani ya kile kiatu, kutoka kisigino mpaka penye upana mkubwa, nikapata 20 na nusu. Yaani tumbo la kiatu lilikuwa mbele ya kiungo chake, na kiungo kimekaa nyuma, pale ambapo kiatu kinaanza kuwa chembamba. Tena soli hukunjika palepale penye tumbo, hivyo kila hatua kiatu kilikunjika sehemu moja na mguu sehemu nyingine. Kisigino nacho kilikuwa kinachomoka, na kila kikichomoka mguu unateleza mbele.

Tangu siku hiyo naanza na kipimo cha kisigino hadi kiungo, halafu ndiyo urefu mzima. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, haihitaji zaidi. Upana utafute kwenye upana, usiutafute kwenye namba. Kisha ingiza vidole vyako ndani upapase ukuta wa upande wa kidole gumba. Ukikuta mshono, kiraka au ncha ya ngozi ngumu ya mbele imepita juu ya kiungo, rudisha kiatu hicho hata kama ni cha bei rahisi. Mshono haupanuki, na ukiulazimisha unakatika. Raba nyingi zina mapambo yaliyoshonwa hapohapo.

Jaribu na soli. Shika kisigino na ncha, kunja. Ikikunjika katikati ya unyayo, au ikisokoteka kama kitambaa, iache. Watu wengi wakisikia "kiatu laini" huchukua kile kinachokunjika kama chapati, na hicho ndicho kinachokikunja kiungo kila hatua. Ulaini uwe ndani, chini ya unyayo. Nje iwe ngumu kiasi. Kisigino kiwe kifupi, maana kirefu humsukumia mtu uzito wote vidoleni.

Hatua ya 4: Panua pale tu panapobana

Mzee alipata mtumba mwingine, namba 42 pana, wa kamba, ngozi halisi. Ibonyeze ngozi kwa kidole: ya kweli hutoa mikunjo midogomidogo kuzunguka kidole. Ya plastiki usihangaike nayo, hurudi ilivyokuwa au inapasuka.

Paka kiungo chaki kidogo, avae bila soksi, avue, na alama utaiona ndani. Kwenye kalibu bandika kipande cha ngozi chenye ukubwa wa sarafu penye alama hiyo, lowesha kiatu kwa ndani kwa maji ya uvuguvugu, kiingize, kiache usiku kucha na mchana wake. Kausha kivulini, juani ngozi hukakamaa. Ukikosea mahali kwa sentimita moja umefanya kazi bure.

Hatua ya 5: Sandozi ya siku za maumivu

Usimpe kandambili. Mkanda wake unapita juu ya kiungo chenyewe, na vidole vinalazimika kuikamata isitoke. Makubazi yenye kishikizo cha kidole gumba nayo hayafai.

Mimi napenda soli ya tairi, kama ya katambuga. Tairi lina mkunjo wake wa asili, ncha inainuka kidogo, hivyo mguu unabiringika mbele bila kidole kukunjwa. Chagua tairi la nyuzi. Lenye nyaya za chuma litachomoza na kumchoma. Juu yake gundisha sponji ngumu ya milimita 8, upana uzidi mchoro wa mguu uliovimba kwa sentimita moja upande wa gumba. Mkanda wa mbele usiweke mbele. Uweke nyuma ya kiungo, juu ya mgongo wa mguu, mpana wa vidole vitatu, wa kunata ili uongezwe na kupunguzwa. Mkanda mwingine uzunguke nyuma ya kisigino. Kiungo kibaki wazi kabisa, hakiguswi na kitu. Ni ya kwenda chooni na kwenye gari la hospitali. Siku hizo mguu unatakiwa upumzike, uinuliwe.

Hatua ya 6: Kagua baada ya kuvaa

Kiatu cha kufunika avae saa moja siku ya kwanza, ndani ya nyumba. Akivua, alama nyekundu ikibaki juu ya kiungo zaidi ya nusu saa, bado kinabana, kirudi kwenye kalibu. Kama ana vinundu vigumu na ngozi imekuwa nyembamba au inatoa ungaunga mweupe kama chaki, au kama ana kisukari na hausikii vizuri mguu, usipanue kwa kubahatisha. Aende kwa daktari kwanza.

Kiatu cha mzee kilirudi mara moja tu, na tatizo halikuwa kiungo tena. Anavua na kuvaa kila akienda msikitini, na kuchuchumaa kufunga kamba kulimkunja kidole. Nikatoa kamba, nikaweka mkanda wa kunata, na nyuma ya kisigino nikashona kitanzi cha ngozi ili akivute kwa mkono akiwa amesimama.