Somo: Dashibodi ya mauzo kwa duka la jumla Kigoma, na namba tatu za kuamulia

Wenzangu, wengi tayari mnaandika mauzo kwenye Excel au Google Sheets, na dashibodi zenu zina namba tatu juu: mauzo ya leo, jumla ya madeni, bidhaa inayouzika zaidi. Kwa duka linalokopesha wachuuzi wa vijiji vya mwambao, namba hizo tatu zikibaki hivyo zilivyo hazikuambii ufanye nini kesho asubuhi. Leo tutazigeuza, na muda mwingi tutautumia kwenye madeni kwa sababu ndiko mitaji inakofia.

Natumia duka la mfano lililopo Mwanga. Linauza sukari, sabuni na chumvi ya Uvinza, na wateja wake wengi hupakia mzigo kwenye boti pale Kibirizi. Bei ni za mfano tu, weka zako.

Hatua ya 1: Shiti tatu

Shiti ya `Mauzo` iwe na tarehe (A), mteja (B), bidhaa (C), idadi (D), bei ya kuuza (E), bei ya kununulia pamoja na usafiri (F), jumla (G), aina ya malipo (H) na faida (I). Kwenye H andika TASLIMU au MKOPO. Aliyelipa kwa simu hapohapo ni TASLIMU. Faida ni `=(E2-F2)*D2`.

Shiti ya `Malipo` ni ya wanaorejesha madeni: tarehe, mteja, kiasi. Shiti ya `Madeni` ina mstari mmoja kwa kila mzigo uliokopeshwa: tarehe ya kuchukua (A), mteja (B), kiasi (C), kilicholipwa (D), baki (E), na umri wa deni kwa siku (F), ambao ni `=TODAY()-A2`. Safu ya F iwekwe kama namba ya kawaida, siyo tarehe.

Hatua ya 2: Pesa iliyoingia leo

```
=SUMIFS(Mauzo!G:G,Mauzo!A:A,TODAY(),Mauzo!H:H,"TASLIMU")
 +SUMIFS(Malipo!C:C,Malipo!A:A,TODAY())
```

Duka letu leo limeuza 2,400,000. Ndani yake 1,500,000 ni mkopo na 900,000 ni taslimu. Waliorejesha madeni wameleta 350,000. Pesa iliyoingia ni 1,250,000, na hiyo ndiyo ya kuagizia mzigo. Anayeagiza kwa kuitazama 2,400,000 ataishiwa njiani.

Kujua kama biashara inapanda au inashuka, msilinganishe leo na jana. Huku kwetu dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika. Mauzo ya mwambao hufuata hapohapo. Chukua jumla ya siku 7 zilizopita, uilinganishe na siku 7 kama hizo za siku 30 nyuma. Hapo mwezi wa angani uko karibu mahali palepale, na ukiona mauzo yameshuka ujue yameshuka kweli.

Hatua ya 3: Madeni kwa umri

```
=SUMIFS(Madeni!E:E,Madeni!F:F,"<=14")
=SUMIFS(Madeni!E:E,Madeni!F:F,">14",Madeni!F:F,"<=30")
=SUMIFS(Madeni!E:E,Madeni!F:F,">30")
```

Tazameni duka letu. Mwezi uliopita lilidai 6,000,000 na mwezi huu linadai 6,000,000. Ukisoma jumla peke yake utalala usingizi. Lakini mwezi uliopita 4,600,000 ilikuwa ya ndani ya siku 14, 1,200,000 ya siku 15 hadi 30, na 200,000 tu ndiyo iliyovuka siku 30. Mwezi huu ni 3,600,000, 1,500,000 na 900,000. Deni lililochakaa limeongezeka mara nne na nusu huku jumla ikiwa haijasogea.

Siku 30 nimezichagua makusudi. Mteja wa mwambao akichelewa siku 20, huenda mbalamwezi imemkalia katikati, mvumilie. Akivuka siku 30, giza zima limepita, dagaa wameuzwa, na wewe hujalipwa. Huyo hapewi mzigo mwingine wa mkopo mpaka apunguze. Kwenye duka letu, 620,000 kati ya hizo 900,000 ziko kwa mtu mmoja. Basi kazi ya kesho ni kwenda kwa mtu mmoja, siyo kupigia simu orodha nzima.

Hatua ya 4: Bidhaa kwa faida

Panga bidhaa kwa safu ya I, siyo G:

```
=SUMIFS(Mauzo!I:I,Mauzo!C:C,"SUKARI")
```

Wiki hii sukari imeuzwa mifuko 40 kwa 140,000, jumla 5,600,000. Faida ni 2,000 kwa mfuko, yaani 80,000. Sabuni ni katoni 60 kwa 30,000, jumla 1,800,000, lakini faida ya 1,800 kwa katoni inatoa 108,000. Sabuni imeipita sukari.

Usiiache sukari, maana ndiyo inayowaleta wateja dukani. Cha kuamua ni masharti yake. Mfuko mmoja uliokopeshwa usilipwe umekula mtaji wa 138,000, na ili uurudishe lazima uuze mifuko 69 mingine. Ndiyo maana nashauri sukari iwe taslimu tu, na mkopo ubaki kwenye bidhaa zenye faida ya kuubeba.

Maswali ya wanachama

Swali (Ujiji): Shikamoo mwalimu. Mbona pesa iliyoingia inasoma 0 siku nyingine, na mauzo nimeandika?

Jibu: Marahaba mama. Tazama safu ya A. Tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa seli. Iliyokaa kushoto kompyuta imeisoma kama maandishi. Kama za kuanzia tarehe 13 ndizo zimekaa kushoto, faili lako linaanza na mwezi kabla ya siku. Badilisha mpangilio wa nchi, uziandike upya zilizokaa kushoto, kisha kagua hata zilizokaa kulia, kwani 03/04 huenda imesomwa Machi 4 badala ya Aprili 3.

Swali (Mwanga): Kaka, kwangu hakuna deni lililovuka siku 14, lakini pesa siioni. Inakuwaje?

Jibu: Muulize anayeandika. Mara nyingi mteja akichukua mzigo mpya, baki la zamani hujumlishwa humo na kupewa tarehe ya leo. Deni bovu limegeuzwa jipya. Dalili yake ni mteja ambaye jumla yake haishuki na jina lake halimo kwenye `Malipo` kwa wiki kadhaa. Kila mzigo ubaki na mstari wake, na malipo yapunguze wa zamani kwanza.

Swali (Kagunga): Na ziwa likifungwa je? Giza lipo ila hatuvui.

Jibu: Hapo kipimo cha siku 30 hakifai, ndugu yangu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mkopo uliotolewa mwanzoni mwa Mei ulipata kama wiki mbili tu kabla ya hapo. Kwa wanaotegemea dagaa, mkopo wa mwisho utoke katikati ya Aprili, kisha iwe taslimu mpaka mitumbwi irudi majini. Wenye mashamba ya michikichi wahesabu kando, wao wanaweza kuuza mawese ziwa likiwa limefungwa. Ongeza safu ya G kwenye `Madeni`, uandike DAGAA au MAWESE, na uweke sharti hilo kwenye fomula:

```
=SUMIFS(Madeni!E:E,Madeni!F:F,">30",Madeni!G:G,"DAGAA")
```