Kunoa kisu cha nyama kwa jiwe la maji: usibadilishe jiwe mpaka upate mkunjo

Habari wakuu. Watu wengi wananoa kwa kukisia, wanasugua kidogo kwenye jiwe la kwanza, kidogo la pili, wanafuta, kisu bado hakikati nyanya. Kinachokosekana hapo ni kujua lini jiwe la kwanza limemaliza kazi yake. Chuma chenyewe kinakwambia, ukijua pa kugusa.

Nitatumia kisu kimoja kama mfano. Ni kisu cha mtu anayekata mbuzi choma pale mnada wa Msalato, bapa lina upana wa sentimita 4, kimegonga mifupa sana na akiona kimekuwa butu anakipitisha kwenye sementi ya ngazi. Makali yamekuwa duara na katikati kuna pengo dogo.

Mawe

Namba za mawe zinasomwa kama za msasa, ndogo ni kali inayokula chuma haraka, kubwa ni laini. Kwa kisu hiki nachukua 400, halafu 1000, halafu 3000. Ile 400 ni ya kurekebisha tu, kama kisu hakina pengo na kimechoka kawaida anzia 1000 moja kwa moja, maana kila ukianza na jiwe kali unapunguza umri wa kisu bure. Na kwa nyama sipandi juu ya 3000, makali yaliyolainishwa sana yanateleza kwenye ngozi na mafuta badala ya kushika.

Lile jiwe la pande mbili la kijivu la duka la vifaa vya ujenzi, ambalo mara nyingi halijaandikwa namba, nalo linafaa. Upande mkali fanya ndo 400 yako, upande laini ndo jiwe la pili, ila kama umeshalipaka mafuta endelea na mafuta, maji hayatashika vizuri tena.

Hatua ya 1: loweka

400 na 1000 ziloweke kwenye beseni dakika 5 mpaka 10, mpaka mapovu yaishe. 3000 nyingi zinatosha kunyunyiziwa juu. Weka jiwe juu ya kitambaa kilicholowa ili lisiteleze, na uwe na kikombe cha maji pembeni, kwa upepo wetu wa Dodoma jiwe linakauka ukiwa bado unanoa. Noa sehemu isiyo na vumbi, chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye jiwe laini inachora makali yote. Lile tope linalotoka wakati unanoa usilioshe, linasaidia kusaga.

Hatua ya 2: pembe

Kisu cha nyama kinachoguswa na mifupa nakipa nyuzi 20. Nyuzi 15 zinakata vizuri zaidi lakini kwa kazi ya mbuzi makali yatamenyeka mapema. Sasa huhitaji kifaa cha kupimia, we pima mgongo wa kisu umenyanyuka kiasi gani kutoka kwenye jiwe: kwa bapa la sentimita 4, nyuzi 20 ni kama sentimita 1.4. Kata kipande cha mti cha urefu huo, kiweke chini ya mgongo uone mkono wako umekaaje, halafu kitoe uanze.

Kuishika pembe isiyumbe, funga kifundo cha mkono kisicheze kabisa, mwendo wote utoke begani. Vidole viwili vya mkono mwingine vinakandamiza bapa pale pale linapogusa jiwe, na vinahama pamoja na sehemu unayonoa. Ukifika karibu na ncha, pale kisu kinapopinda, nyanyua mpini kidogo, usiponyanyua ile sehemu ya ncha haitagusa jiwe na ndo maana visu vingi vinakata katikati tu.

Utajuaje pembe ipo sawa? Chukua makapeni, paka wino kwenye makali pande zote mbili, noa mara chache kisha angalia. Wino ukifutika juu tu na ukabaki pale penye ukingo wenyewe, umelaza kisu mno, nyanyua. Ukifutika ukingoni tu, umesimamisha mno. Ukifutika wote umepatia. Mimi mpaka leo kisu nisichokijua napaka wino kwanza.

Hatua ya 3: tafuta mkunjo

Hapa ndo kwenyewe, someni taratibu. Unaponoa upande mmoja mpaka chuma kikafika kwenye ukingo kabisa, kile chuma chembamba kilichobaki kinashindwa kusimama, kinajikunja kwenda upande wa pili. Huo ndo mkunjo. Kama haupo, maana yake hujafika ukingoni, hata kama umesugua nusu saa.

Unautafuta upande ambao HAUJAGUSA jiwe. Weka kidole gumba kwenye bapa, kivute kutoka mgongoni kwenda nje kupita makali. Usikipeleke kwa kufuata urefu wa makali, hapo utajikata. Kama mkunjo upo utasikia kitu kinakwaruza ngozi kidogo mwishoni, kama hakipo kidole kinateleza tu. Ukiwa na mikono migumu kwa kazi usihisi kitu, pitisha pamba kwa mwendo ule ule, nyuzi zitanasa kwenye mkunjo.

Gusa sehemu tatu: karibu na mpini, katikati, na ncha. Kwenye kisu chetu cha Msalato mkunjo ulitokea mapema karibu na mpini na nchani, lakini kwenye pengo kidole kiliteleza. Wengi wangegeuza kisu hapo, lakini kazi haijaisha. Unaendelea kunoa upande huo huo, ila usichimbe pale pengo lilipo peke yake maana makali yatakuwa na bonde, pitisha kisu chote mpaka mkunjo uungane bila kukatika. Ndo unageuza na kufanya hivyo hivyo upande wa pili mpaka mkunjo urudi huku.

Halafu 1000. Safisha kisu kwanza, chembe za 400 zisiende nacho kwenye jiwe hili. Pembe ile ile, utafute mkunjo tena, huu utakuwa mdogo zaidi, na kazi itakuwa fupi sana kuliko ya kwanza.

Hatua ya 4: toa mkunjo

Mkunjo ukibaki kisu kinaonekana kikali sana, kinanyoa hadi nywele za mkono, halafu ukikata nyama mara chache kinakufa. Hakijawa butu, ule mkunjo ndo umelala. Basi kwenye 3000 punguza nguvu, upande huu mara 5, ule mara 5, kisha 3 kwa 3, kisha moja moja kwa uzito wa kisu chenyewe tu, makali yakitangulia mbele kama unataka kukata jiwe. Visu vya stenlesi mkunjo wake ni mbishi, unahamahama badala ya kutoka, vumilia na zidisha wepesi wa mkono. Malizia kwa kuvuta kwenye upande wa ndani wa mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Kagua chini ya taa, makali yakiwa juu. Makali yaliyokamilika hayang'ai. Ukiona kidoa cheupe mahali, pana butu au mkunjo, rudi hapo. Kisha kata gazeti kuanzia mpini hadi ncha, gazeti likinasa mahali, hapo ndo pa kurudi.

Mawe yakianza kubonyea katikati chora mistari ya penseli juu yake, yasugue na msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka mistari yote ifutike, jiwe lenye bonde haliwezi kukupa pembe moja. Na yakaushe kivulini, jua la hapa mchana linaweza kuyapasua.