Somo: Fistula kushoto, titi limetolewa kulia. Presha ipimwe wapi?

Mwezi uliopita nilimpokea hapa Dodoma mama wa miaka hamsini na kitu kutoka Chamwino. Mkono wa kushoto ana fistula, yaani mishipa miwili ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji ili damu yake isafishwe kwa mashine, na titi la kulia lilitolewa pamoja na tezi za kwapani. Kituo alikopitia kwanza waliona kovu la kulia, wakaanza kufunga mkanda kushoto. Binti yake ndiye aliyewazuia: "Dada, huo ndio mkono wa mashine!"

Binti alisema kweli, na ningependa kila nesi aijue sababu.

Hatua ya 1: Uliza, kisha shika. Weka vidole juu ya fistula. Iliyo hai inatetema mfululizo, kama simu iliyozimwa sauti. Mkanda ukiibana, damu husimama na inaweza kuganda. Fistula ikiziba, mgonjwa amepoteza njia ya kuunganishwa na mashine. Mkono huu haupimwi presha hata mara moja.

Hatua ya 2: Kagua mkono wa upasuaji. Hofu yake ni kuvimba, kwa sababu tezi zilizotolewa ndizo zilizokuwa zikipitisha majimaji ya mkono. Tafiti za karibuni hazijaonyesha kwamba kupima presha kwenyewe ndiko kunakoleta uvimbe huo, kwa hiyo katazo lake si zito kama la fistula. Lakini ukiwa umevimba, mzito au una kidonda, uache.

Hatua ya 3: Nenda mguuni. Mlaze chali dakika 5, funga mkanda vidole viwili juu ya kifundo. Usimpime ameketi, maana mguu ukiwa chini ya moyo namba hupanda bure.

Kwa mama yule mguu ulitoa 164/82. Mkono wa kulia haukuwa na uvimbe, na daktari wake aliruhusu tuupime mara moja: 146/80. Namba ya juu ya mguuni kwa kawaida huizidi ya mkononi, kwa hiyo hatukumwongezea dawa kwa sababu ya ile 164. Kwenye kadi tuliandika "kifundo cha kulia, amelala", ili atakayempima kesho alinganishe mguu na mguu.

Maswali ya wanachama

Swali (Kongwa): Mashine ya kiganjani je, si iko mbali na fistula?
Jibu: Hapana, dada. Ni mkono uleule, na fistula nyingi ziko karibu kabisa na kiganja.

Swali (Mpwapwa): Baba ana kisukari cha miaka mingi na miguu inamuuma akitembea. Nimpime mguuni?
Jibu: Usiiamini namba hiyo peke yake. Mishipa iliyoziba huishusha, iliyokakamaa huipandisha. Daktari aamue.

Swali (Kondoa): Leo siusikii mtetemo wa mama.
Jibu: Mpeleke kwenye kitengo cha kusafisha damu sasa hivi, usingoje siku yake ya mashine. Ikiwahiwa, mara nyingine huzibuliwa.