Akiba ya ada kwa miaka kumi: lini uwe kwenye hisa, lini utoke

Tuchukue mtoto wa miaka 8 atakayeingia chuo akiwa na 18 na kusoma miaka minne. Wazazi wengi huiona ada hiyo kama fungu moja la miaka kumi ijayo. Mimi huigawa mara nne, kwa sababu ada ya mwaka wa kwanza itadaiwa baada ya miaka 10, na ya mwaka wa nne baada ya miaka 13. Kila ada ina tarehe yake, na tarehe hiyo ndiyo inayoamua fedha zake zikae wapi.

Hatua ya 1: Pata kiasi cha kuweka

Tafuta ada ya sasa na ya miaka mitano iliyopita ya chuo cha aina unayoifikiria, upate wastani wa kupanda kwake kila mwaka. Tuseme ni asilimia 7, na ada ya sasa ni 1,200 kwa mwaka, kwa sarafu yoyote unayotumia. Kwa mwendo huo, miaka kumi ijayo itakuwa karibu 2,360.

Kuna njia rahisi ya kufanya hesabu. Chukulia kwamba akiba yako itakua sawa na ada, isizidi. Hapo miaka minne ni 4,800 kwa bei ya leo. Gawa kwa miaka 10, upate 480 kwa mwaka, yaani 40 kwa mwezi. Sharti lake ni moja: kila mwaka uongeze mchango kwa kiwango kile kile ada inachopanda. Mwaka wa pili unaweka karibu 43, wa kumi karibu 74. Asiyeongeza mchango anaweza kufika akiwa na pengo hata kama masoko yamefanya vizuri.

Hatua ya 2: Ipe kila ada mahali pake

Kanuni ninayoitumia ni hii. Ada iliyobakiza zaidi ya miaka sita: asilimia 80 kwenye hisa, kupitia mfuko wa pamoja wenye kampuni nyingi na makato madogo, zinazobaki kwenye fedha salama. Iliyobakiza miaka minne hadi sita: nusu kwa nusu. Iliyobakiza mitatu au pungufu: isiwe na hisa hata moja.

Mwanzoni ada zote nne ziko mbali, kwa hiyo hisa ni asilimia 80 ya akiba yote. Mwisho wa mwaka wa tano ada zimebakiza miaka 5, 6, 7 na 8, na hisa zinashuka hadi karibu 65. Mwisho wa mwaka wa nane zimebakiza miaka 2, 3, 4 na 5; mbili za mwanzo zimeshatoka kabisa, na hisa ni karibu robo tu.

Kwa nini niwe mkali hivyo mwishoni? Mwaka 2008 hisa za faharasa ya S&P 500, inayofuatilia kampuni kubwa kama 500 za Marekani, zilipoteza karibu asilimia 37 hata ukihesabu gawio, na bei hazikurudi kwenye kilele cha 2007 hadi 2013. Mzazi wetu mwisho wa mwaka wa nane ana karibu 6,600. Akiwa bado na asilimia 80 kwenye hisa, anguko kama hilo linamtoa karibu 1,950, ambayo ni karibu ada ya mwaka mzima kwa bei ya wakati huo. Akiwa na robo, anapoteza kama 610, tena kwenye fungu la ada ambazo bado zina miaka minne na mitano ya kusubiri.

Hatua ya 3: Linganisha kuiva na tarehe ya ada

Fedha salama ni amana za muda maalum, mifuko ya soko la fedha na hatifungani za serikali. Hapa ndipo watu wanapokosea bila kujua. Hatifungani ya miaka 15 yenye riba nzuri si salama kwa ada ya miaka mitatu ijayo. Riba za soko zikipanda, bei yake inashuka, nawe utalazimika kuiuza kwa hasara kabla haijaiva, yaani kabla ya siku ya kurudishiwa fedha zako zote. Nunua inayoiva miezi michache kabla ya ada kudaiwa. Na kama ada italipwa kwa sarafu ya kigeni, fedha za miaka ya mwisho zihamie kwenye sarafu hiyo.

Hatua ya 4: Sogeza mara moja kwa mwaka

Chagua mwezi mmoja. Anza kwa kuelekeza michango mipya upande uliopungua, ndipo uuze hisa ikiwa haijatosha. Hivyo unaokoa gharama za kuuza.

Mtihani unakuja pale tarehe ya kuhama inapofika na hisa ziko chini. Wateja huniomba tusubiri zipande. Ada iliyobakiza miaka mitatu huwa naihamisha hivyo hivyo, na zile za mbali naziacha zisubiri kupona. Hisa zikiwa juu nafanya vivyo hivyo, ingawa hapo kuuza kunauma zaidi.

Mwezi huo huo linganisha faida ya mwaka, baada ya makato na kodi, na kupanda kwa ada. Ikibaki nyuma miaka miwili mfululizo, ongeza mchango. Usiongeze hisa.