Somo: Reach, Impressions na engagement rate, na kwa nini namba hazikubaliani

Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara nne. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena namtumia kiungo.

1. Fungua posti yako ya Instagram, gusa View insights.

2. Reach ni akaunti ngapi zimeiona. Mtu akiiona mara tano, ni mmoja.

3. Impressions ni mara ilizotokea kwenye skrini. Mtu yule yule hapa ni tano. Instagram siku hizi wanaandika Views.

4. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa naangalia ukurasa wa nyumba ya wageni Paje. Mwisho wa wiki nikajumlisha Reach ya kila siku, Jumatatu mpaka Jumapili, nikapata 5,600, nikampelekea tajiri. Naye akafungua simu yake, akachagua siku 7, akaona 2,900. Akaniuliza hao wengine nimewatoa wapi. Kumbe aliyeona Jumatatu akarudi Alhamisi nimemhesabu mara mbili.
Reach haijumlishwi, si ya siku kwa siku wala ya posti kwa posti. Ukitaka ya wiki, chagua wiki nzima, usome namba iliyopo. Impressions ndizo zinazojumlishika.

5. Engagement rate: jumlisha laiki, komenti, sheya na sevu, gawanya, zidisha kwa 100. Ugomvi wote uko kwenye "gawanya kwa nini". Posti yetu ya mashua ya kwenda Changuu ilipata 120. Kwa Reach ya 2,000 ni 6%. Kwa Impressions 3,000 ni 4%. Kwa wafuasi 8,000 ni 1.5%. Posti ni ile ile. Kwenye ripoti andika umegawanya kwa nini, na mwezi ujao usibadilishe.

MASWALI

— Kaka, Reach yangu ya wiki ni ndogo kuliko jumla ya siku. Programu mbovu?
Soma namba 4.

— Nimeisoma, lakini bado...
Basi isome tena, yakhe. Hilo ndilo somo lenyewe.

— Samahani kaka, Impressions 3,000 kwa watu 2,000 ni nzuri au mbaya?
Swali zuri, dada. Gawanya: kwa wastani kila mtu kaiona mara moja na nusu. Peke yake haisemi kitu. Ila ukiona inapanda mpaka nne, tano, na Reach imesimama, basi unawazungukia wale wale. Kwenye tangazo la kulipia hapo pesa inakwenda bure.

— Posti ya wafuasi 900 imefikia watu 2,300. Inawezekana?
Inawezekana sana, imesheyiwa au imependekezwa kwa wasiokufuata. Ndiyo maana mimi hugawanya kwa Reach, si kwa wafuasi.

— Nyongeza: mimi hupiga skrinshoti siku ya saba kwa kila posti. Ukichukua moja siku ya pili na nyingine baada ya mwezi, hulinganishi kitu.
Ahsante, shemeji. Hilo nalianza leo.