Somo: Kurekebisha bei za zamani za hisa kabla ya kupiga wastani au faida

Asalaam aleikum. Wengi humu mnanunua hisa za soko la Dar es Salaam mkiwa Unguja na Pemba, na wengine mnafuatilia za Marekani. Kote huko hesabu hutibuka kwa sababu moja: bei iliyoandikwa siku ile siyo bei ya kulinganisha na ya leo.

Tazameni Apple. Tarehe 28/8/2020 ilifunga kwa dola 499.23. Siku ya soko iliyofuata, 31/8, kila hisa moja ilikuwa imegawanywa kuwa nne, ikafunga kwa 129.04. Ukipiga hesabu kavukavu utaona hasara ya asilimia 74. Gawanya 499.23 kwa 4, unapata 124.81, na siku ile inageuka kuwa ya faida ya asilimia 3.4. Gawio nalo hufanya hivyo hivyo, ila kimyakimya: siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, na aliyekuwa nayo hajapoteza kitu.

Tufanye mfano wa kubuni, siku nne. Bei za kufungia ni 2,000, 1,910, 1,920 na 484. Siku ya pili hisa imeanza kuuzwa bila gawio la shilingi 100. Siku ya nne hisa moja imekuwa nne.

Kwanza tafuta kizidisho cha kila tukio. Cha gawio ni 1 − 100/2,000, yaani 0.95. Angalieni hapo: tunagawa kwa bei ya kufungia ya siku *iliyotangulia*, na tarehe tunayoitumia ni ile ya kuanza kuuzwa bila gawio, si ya kulipwa pesa. Malipo huja baadaye. Ukishika tarehe hiyo ya malipo, shimo la bei linabaki pale pale, na siku ya malipo unaongeza mruko wa uongo. Cha mgawanyo ni 1/4, yaani 0.25.

Kisha anza leo urudi nyuma, ukizidisha kila unapopita tukio. Siku ya nne haiguswi. Ya tatu na ya pili zinazidishwa kwa 0.25, zinakuwa 480 na 477.50. Ya kwanza ina matukio yote mawili mbele yake, kwa hiyo 0.25 × 0.95 = 0.2375, inakuwa 475. Sasa mnaona 475, 477.50, 480, 484: hisa iliyopanda taratibu. Bila marekebisho, wastani wa siku 20 ungeendelea kubeba bei za karibu 1,900 kwa siku 19 za soko kuanzia siku ya mgawanyo, na RSI, kiashiria kinachopima kasi ya bei kupanda na kushuka, ingelia kwamba hisa imeuzwa kupita kiasi.

Kwa wanaotumia pandas, `gawio` litiwe 0 na `mgawanyo` utiwe 1 siku zisizo na tukio:

```python
k = (1 - gawio / bei.shift(1)).fillna(1) / mgawanyo
f = k[::-1].cumprod()[::-1].shift(-1).fillna(1)
rek = bei * f
```

Hiyo `shift(-1)` msiiache. Bila yake siku ya tukio nayo inapunguzwa, shimo linabaki siku ile ile, na siku inayofuata bei inaruka kwa uongo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kurekebisha mara mbili. Kwenye Yahoo, safu ya `Close` imekwisha kurekebishwa kwa mgawanyo, na `Adj Close` kwa mgawanyo na gawio. Mtu huchukua `Close`, akatia gawio la 100 kama lilivyotangazwa wakati ule. Bei ya 2,000 pale imeshakuwa 500, kizidisho kinatoka 0.80 badala ya 0.95. Bei ikigawanywa, gawio la kabla yake ligawanywe pia: 25 kwa 500.

Maswali

Mwanachama, Wete: Mwalimu, siku ya pili nilipata bei 1,910 na gawio 100, jumla 2,010, faida 0.50%. Bei zako zilizorekebishwa zinatoa 0.53%. Nani kakosea?

Jibu: Hakuna aliyekosea, ndugu yangu. Kizidisho hiki huchukulia kuwa gawio limerudishwa kununua hisa kwa 1,900, yaani bei ya jana kutoa gawio. Ukitaka ioane na 0.50%, tumia 1,910/2,010 kama kizidisho. Chagua njia moja, usichanganye.

Mwanachama, Mlandege: Na gawio nitie lile lililokatwa kodi?

Jibu: Kwa viashiria tia kamili, kwa kuwa bei sokoni hushuka kwa kuzingatia gawio zima. Kwa faida ya mfuko wako, tia ulichopokea: kampuni zilizoorodheshwa Dar hukata asilimia 5, hivyo 100 inakuwa 95.

Mwanachama, Chake Chake: Idadi ya hisa zilizouzwa je?

Jibu: Hiyo gawa kwa kizidisho cha mgawanyo tu: hisa 1,000 za zamani ziwe 4,000. Gawio halihusiki. Na faili ya bei halisi uihifadhi kando pamoja na orodha ya matukio, kwani gawio jipya likitoka bei zote za nyuma zilizorekebishwa hubadilika. Oda kwa dalali pia hutumwa kwa bei halisi ya leo.